Taa za banda zinapowaka saa isiyo yake: kutafuta kosa la saa na kulirekebisha, mfano kutoka Lubumbashi

Katikati ya Februari, mama mmoja anayefuga kuku wa mayai upande wa barabara ya Kipushi alinipigia simu usiku. "Fundi, kuku walikuwa wamelala, sasa hivi taa zimewaka zenyewe. Saa tatu na dakika ishirini usiku! Nani amezigusa?" Nilimwambia hakuna aliyezigusa, na kwamba nitakuja asubuhi. Nilikuwa nimemfungia mtambo huo mwenyewe, na ulikuwa umefanya kazi miezi mitatu bila kosa.

Mpango wa banda lake ni wa kawaida kwa kuku wa mayai: mwanga wa saa 16 kwa siku. Taa huwaka 04:00 (saa kumi alfajiri), huzimwa nusu saa baada ya macheo, huwaka tena nusu saa kabla ya machweo, na huzimwa 20:00 (saa mbili usiku). Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye Home Assistant ndiyo iliyokuwa inatoa amri, na rilei yenye programu ya Tasmota ndiyo iliyokuwa inawasha taa. Mwongozo huu unafuata kazi niliyoifanya hapo tangu kutafuta kosa hadi kulijaribu. Humu nitaandika saa kwa tarakimu za mashine, yaani 18:00 kwa saa kumi na mbili jioni, kwa sababu mashine haijui nyingine.

Kabla ya kugusa chochote, soma umbo la kosa

Wengi wakiona taa zimewaka vibaya hukimbilia kubadilisha saa ya ratiba mpaka ionekane sawa. Siku mbili tatu inapendeza, kisha kosa linarudi kwa sura nyingine. Afadhali uchukue daftari, na kwa siku mbili uandike kila tukio lilifanyika saa ngapi kwa simu yenye mtandao, na lilipaswa kufanyika saa ngapi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha pa kwenda.

Ratiba ya aina hii ina matukio ya aina mbili. Yapo yanayofuata saa, kama 04:00 na 20:00, na yapo yanayofuata jua, yaani macheo na machweo. Yatazame kila aina peke yake.

Matukio ya saa yakikosea kwa saa nzima kamili, na ya jua yakabaki sawa, kosa ni ukanda wa saa. Programu hukokotoa jua kwa saa ya dunia, UTC, kwa hiyo taa za machweo zitawaka wakati wake hata kama saa inayoonekana kwenye skrini si ya kwetu. Congo ina kanda mbili: Kinshasa ni UTC+1, na huku mashariki, Lubumbashi, Goma na Bukavu, ni UTC+2. Fundi akiona "Kinshasa" kwenye orodha huichagua kwa kuwa ni Congo, na tangu siku hiyo kila tukio la saa linachelewa saa moja. Aliyenakili mipangilio ya rafiki wa Nairobi au Dar es Salaam, kwenye UTC+3, ataona kila tukio la saa linawahi saa moja.

Matukio ya jua yakikosea na ya saa yakawa sawa, kosa ni mahali: latitudo na longitudo si za kwako.

Aina zote mbili zikikosea kwa kiasi kilekile, na kiasi hicho si saa kamili, basi saa yenyewe ya mashine imepotea. Hilo ndilo lililokuwa kosa la mama yule, na nitalieleza kwa urefu.

Kuna mengine mawili madogo. Kosa la saa 6 kamili ni la binadamu, si la mashine: mwenye banda aliandika kwenye karatasi "saa 10 mpaka saa 2", na fundi akaingiza 10:00 na 02:00. Hapa Lubumbashi watu wengi huchanganya saa ya Kiswahili na ya Kifaransa ndani ya sentensi moja, basi uliza kila mara: alfajiri, asubuhi, mchana au usiku? Na kama kosa hubadilika ovyo kila siku lakini halizidi dakika 15, angalia kipengele cha `Window` kwenye Tasmota. Kazi yake ni kusogeza tukio kwa bahati nasibu ili nyumba ionekane ina watu. Kwenye banda kiwe sifuri.

Saa ilipotea wapi?

Asubuhi ile nilimuuliza mama kama umeme ulikatika. Akasema ndiyo, juzi usiku, ulikwenda 19:20 ukarudi 22:30. Na intaneti? Bando lilikuwa limekwisha siku iliyotangulia, alikuwa bado hajalipa. Nikafungua Raspberry Pi na kuandika `date`. Ilikuwa nyuma ya simu yangu kwa saa 3 na dakika 13.

Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa yenye betri. Ukiichomoa, haijui tena ni lini. Ili isianze mwaka 1970 kila ikiwashwa, mfumo wake huandika muda kwenye kadi ya kumbukumbu mara kwa mara. Programu inayofanya hivyo, `fake-hwclock`, huandika kila saa kwenye dakika ya 17. Pi ya mama yule iliandika 19:17, umeme ukakatika 19:20, na uliporudi 22:30 ikaendelea kuhesabu kutoka 19:17 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa kawaida intaneti ingeisahihisha ndani ya dakika moja. Safari hii intaneti haikuwapo.

Tazama kilichowapata kuku siku iliyofuata. Taa za 04:00 ziliwaka 07:13, jua limeshatoka. Amri ya kuzima baada ya macheo, ambayo Februari ni kama 06:40, ilikuja 09:53. Hayo mama hakuyaona, maana taa mchana hazionekani. Jioni jua lilizama 18:38, kuku wakapanda kulala gizani, na amri ya 18:08 ikafika 21:21. Ndipo simu yangu ikalia. Taa zilizimwa 23:13. Kwa kuku wa mayai hiyo ni siku iliyokatwa vipande viwili, na mfugaji yeyote anajua kwamba mwanga ukichezewa hivyo kwa siku kadhaa, mayai hupungua.

Nasisitiza jambo moja hapa, kwa sababu lawama nyingi huelekezwa pasipo. Saa ya kielektroniki kukimbia au kuchelewa yenyewe ni jambo dogo. Saa yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 kwa siku, haifiki dakika moja kwa mwezi. Ukiona kosa la dakika nyingi kwa wiki moja, usimtafute mchawi kwenye saa. Tafuta ilipozimika na haikupata mahali pa kuuliza muda.

Isipokuwa unatumia taimer ya soketi ya duara, ile ya vijino vya plastiki vya dakika 15. Ile haina saa ndani: ina mota inayozungushwa na mawimbi ya umeme wenyewe, 50 kwa sekunde. Umeme ukikatika saa 3, inabaki nyuma saa 3. Na ukiwasha jenereta inayozunguka kwa kasi ya 52 Hz, taimer hukimbia asilimia 4, dakika 2.4 kwa kila saa moja. Jenereta ikifanya kazi saa 5, umeshaongeza dakika 12. Hakuna marekebisho ya hilo zaidi ya kuibadilisha.

Hatua ya kwanza: ukanda wa saa

Hii ni fupi. Kwenye Raspberry Pi:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi
timedatectl
```

Jina hilohilo hutumika pia Goma na Bukavu. Katika majibu, hakikisha mstari wa `RTC in local TZ` unasema `no`. Saa ya betri inapaswa kutunza UTC, na mfumo ndio unaoongeza saa 2.

Hatua ya pili: mpe Pi saa yenye betri

Nilinunua kibao kidogo cha DS3231. Zipo pia za DS1307 kwa bei ya chini, lakini DS3231 hujirekebisha kulingana na joto, na kosa lake halizidi sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40. Hiyo ni kama dakika moja kwa mwaka mzima. Banda la mabati la Lubumbashi mwezi wa Oktoba si mahali pa saa ya kubahatisha.

Zima Pi kabisa, kisha unganisha waya nne. VCC iende pini ya 1, ambayo ni 3.3 V. SDA iende pini ya 3, SCL pini ya 5, na GND pini ya 6. Usiipeleke VCC kwenye 5 V. Vibao vingi vya bei nafuu, vile vya samawati vyenye maandishi ZS-042, vina njia ya kuchaji betri, na ukiweka betri ya kawaida ya CR2032 ambayo haichajiwi, 5 V itailazimisha mpaka ivimbe. Kwa 3.3 V hatari hiyo haipo.

Washa, kisha fungua faili `/boot/firmware/config.txt` na uongeze mistari hii mwishoni:

```
dtparam=i2c_arm=on
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231
```

Anzisha upya, kisha hakikisha kibao kimeonekana:

```
sudo apt install i2c-tools
sudo modprobe i2c-dev
sudo i2cdetect -y 1
```

Kwenye jedwali, mahali pa 68 patakuwa na `UU`. Maana yake mfumo umeshakichukua. Ukiona 68 yenyewe, kibao kipo lakini mstari wa pili wa faili haujasomwa, labda kwa kosa la herufi. Pakiwa patupu, waya za SDA na SCL zimebadilishana, au moja imelegea. Kwenye banda la mama yule nilipata utupu mara ya kwanza: waya ya SCL niliichomeka pini ya 7 badala ya 5.

Sasa, ukiwa na intaneti na `date` ikikubaliana na simu, andika muda kwenye saa ya betri na uondoe ile programu ya kukisia:

```
sudo hwclock -w
sudo hwclock -r
sudo apt purge fake-hwclock
```

Mfumo ukisema hauijui `hwclock`, sakinisha `util-linux-extra`. Pi 5 yenyewe ina saa ndani, lakini bila betri yake ndogo inayochomekwa kwenye soketi ya J5 husahau kama wenzake wote.

Hatua ya tatu: Pi iwe mwalimu wa saa wa banda zima

Hapa ndipo nilipobadilisha mpango wangu wa awali. Mwanzoni Home Assistant ndiyo iliyokuwa na ratiba, na rilei ilikuwa inangoja amri. Pi ikiharibika, banda linabaki bila ratiba. Nikahamishia ratiba ndani ya rilei yenyewe. Lakini rilei za Tasmota nazo hazina betri: umeme ukirudi, hukataa kuendesha ratiba yoyote mpaka zipate muda kutoka kwa seva ya NTP, yaani kompyuta inayogawa saa mtandaoni. Ni tabia nzuri, kwani kutowasha ni afadhali kuliko kuwasha usiku wa manane. Ila bila intaneti hazingepata muda kamwe. Basi Pi, yenye saa ya betri, iwajibu yenyewe.

Sakinisha chrony (programu ya awali ya kulinganisha saa itaondoka yenyewe):

```
sudo apt install chrony
```

Fungua `/etc/chrony/chrony.conf`. Mistari ya `pool`, `rtcsync` na `makestep 1 3` utaikuta imeshaandikwa, iache. Ongeza miwili:

```
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10
```

Wa kwanza unaruhusu vifaa vya mtandao wa ndani kuuliza. Badilisha namba zifanane na za ruta yako. Wa pili ndio roho ya kazi hii. Bila huo, chrony ikikosa intaneti hujitangaza kuwa haijui saa, na rilei hulikataa jibu lake. Ukiwa nao, husema: sina wa kumuuliza, lakini nitumainieni mimi mpaka apatikane. Na `rtcsync` nayo hunakili muda sahihi kwenye saa ya betri kila dakika 11 wakati chrony imelingana na intaneti, kwa hiyo hutahitaji kukumbuka `hwclock -w` tena.

Anzisha na uangalie:

```
sudo systemctl restart chrony
chronyc sources
chronyc tracking
```

Kwenye majibu ya kwanza, mstari wenye `^*` ni seva inayofuatwa. Ukiona `^?` tupu kwa dakika nyingi, maswali hayatoki: ama bando limekwisha, ama ruta imefunga bandari ya 123 ya UDP. Kwenye ya pili, mstari wa `System time` hukuambia sekunde ngapi saa yako imeachana na ile ya intaneti. Ukikuta sehemu ndogo ya sekunde, hapo pamekwisha. Mwisho, ingia kwenye ruta na uipe Pi anwani isiyobadilika. Mimi niliipa 192.168.1.10.

Hatua ya nne: rilei ijue ipo wapi

Tasmota ikitoka kiwandani imewekwa latitudo 48.858360 na longitudo 2.294442. Hapo ni Paris, kwenye mnara wa Eiffel. Ukanda wake ni UTC+1. Ukiiwasha na kuweka taimer ya machweo bila kugusa kitu, kuku wa Lubumbashi watafuata jua la Ufaransa.

Kosa hili hudanganya. Fundi akirekebisha ukanda kuwa UTC+2 mwezi wa Desemba na kusahau mahali, machweo ya Paris yatatokea 17:56 kwa saa yetu, na yetu ni 18:32. Atadhani ni kosa dogo, ataongeza nusu saa, ataondoka. Mwezi wa Juni machweo ya Paris yanafika 21:58 kwa saa yetu, na ya Lubumbashi ni 17:55. Saa 4 za giza.

Fungua ukurasa wa rilei, ingia kwenye konsoli, andika mstari mmoja mmoja:

```
Timezone +02:00
Latitude -11.66
Longitude 27.48
NtpServer1 192.168.1.10
Status 7
```

Amri ya mwisho huonyesha `UTC`, `Local`, `Sunrise` na `Sunset` kwa pamoja. Ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu inajibu maswali matatu kwa mpigo: muda upo, ukanda ni sahihi, mahali ni sahihi. Kwa Lubumbashi macheo yawe kati ya 05:35 (Novemba) na 06:31 (mwanzo wa Julai), na machweo kati ya 17:51 na 18:42. Namba zikitoka nje ya hapo, rudi kwenye latitudo.

Alama ya kutoa mbele ya latitudo isisahaulike. Bila hiyo umehamia kaskazini ya ikweta, na misimu imegeuka: Desemba rilei itadhani siku ni fupi wakati kwetu ni ndefu, na macheo yataachana kwa dakika 41 hivi. Kwa fundi wa Goma, -1.67 na 29.22, kosa hilohilo halizidi dakika 6, kwa hiyo anaweza kuishi nalo bila kujua. Lakini Goma nako macheo hayatulii: huwa 05:42 mwanzoni mwa Novemba na 06:12 katikati ya Februari. Urefu wa siku karibu haubadiliki, ila adhuhuri ya jua yenyewe husogea kwa nusu saa, kwa sababu dunia hulizunguka jua kwa njia isiyo duara kamili na mhimili wake umeinama. Ndiyo maana hata karibu na ikweta, anayeandika "06:00" badala ya macheo atakuwa amekosea miezi fulani.

Ukitumia Home Assistant kuangalia, usishtuke ukiona `next_rising` ya `sun.sun` inasema saa 2 nyuma. Imeandikwa kwa UTC.

Hatua ya tano: ratiba na dakika za kusogeza

Macheo kwenye kompyuta ni wakati ukingo wa juu wa jua unapogusa upeo wa macho, mahali pasipo mlima wala mti. Ndani ya banda la kuku lenye paa refu na miembe upande wa mashariki, mwanga wa kutosha huja baadaye. Usichukue dakika 30 zangu kama sheria. Simama ndani ya banda asubuhi moja ya mawingu, taa zimezimwa, na utazame ni lini unaweza kusoma gazeti kwenye usawa wa kuku. Tofauti kati ya muda huo na `Sunrise` ya `Status 7` ndiyo dakika zako. Kwa mama yule zilikuwa 24, nikaziongeza kidogo.

Timer1 ni ya alfajiri, Timer2 ni ya baada ya macheo:

```
Timers 1
Timer1 {"Enable":1,"Mode":0,"Time":"04:00","Window":0,"Days":"1111111","Repeat":1,"Output":1,"Action":1}
Timer2 {"Enable":1,"Mode":1,"Time":"00:30","Window":0,"Days":"1111111","Repeat":1,"Output":1,"Action":0}
```

`Mode` 0 ni saa, 1 ni macheo, 2 ni machweo. Kwa macheo na machweo, `Time` si saa tena, ni dakika za kusogeza, na alama ya kutoa humaanisha kabla. Timer3 ni hivyohivyo kwa `"Mode":2`, `"Time":"-00:30"` na `"Action":1`. Timer4 ni `"Mode":0`, `"Time":"20:00"` na `"Action":0`. Ukisahau alama ya kutoa kwenye Timer3, taa zitawaka nusu saa baada ya machweo. Huku kwetu giza huingia dakika 20 na kitu baada ya jua kuzama, kwa hiyo kuku watakuwa wameshapanda.

Mpango huu una faida nyingine. Ncha za nje, 04:00 na 20:00, hushikwa na saa, kwa hiyo saa 16 hazibadiliki mwaka mzima. Za ndani hushikwa na jua, na hizo zikikosea dakika 10 utapoteza umeme kidogo tu.

Hatua ya sita: tukio lililopita wakati umeme haupo

Saa ikiwa sahihi bado kuna kosa moja, na linafanana sana na kosa la saa. Umeme ukikatika 05:00 taa zikiwa zimewaka, na ukarudi 09:00, amri ya kuzima imeshapita. Tasmota hairudii amri iliyopita. Na kwa mpangilio wake wa awali, rilei hurudi katika hali iliyokuwa nayo, yaani imewaka, na itabaki hivyo hadi 20:00.

Iambie ianze ikiwa imezimwa, kisha ikipata muda ijiulize ilipaswa kuwa wapi:

```
PowerOnState 0
Rule1 ON Time#Initialized DO Backlog Var1 %sunrise%; Add1 30; Var2 %sunset%; Sub2 30; Event saa=%time% ENDON ON Event#saa>=1200 DO Power1 0 BREAK ON Event#saa>=%var2% DO Power1 1 BREAK ON Event#saa>=%var1% DO Power1 0 BREAK ON Event#saa>=240 DO Power1 1 ENDON
Rule1 1
```

Muda hapa huhesabiwa kwa dakika tangu usiku wa manane: 240 ni 04:00, 1200 ni 20:00. Sheria huanza na saa ya mwisho ya siku na kurudi nyuma, na `BREAK` huisimamisha kwenye jibu la kwanza linalofaa. Ukibadilisha dakika za kusogeza kwenye taimer, zibadilishe na hapa, maana rilei haiwezi kukukumbusha.

Hatua ya saba: jaribu kama delestaji ya kweli

Usiondoke kabla ya hili. Toa laini ya simu kwenye ruta ili intaneti ife, ila mtandao wa ndani ubaki. Kisha kata umeme wa banda zima, Pi, ruta na rilei, kwa dakika 20 au zaidi. Dakika 2 hazionyeshi kitu. Kaa na mwenye banda, kunywa chai.

Rudisha umeme, subiri dakika 5. Andika `date` kwenye Pi na ulinganishe na simu: isizidi sekunde moja au mbili. Ikiwa iko nyuma kwa kiasi cha muda uliokata au zaidi, saa ya betri haisomwi mwanzoni. Fungua `/lib/udev/hwclock-set` na uweke `#` mbele ya mistari mitatu inayoanza na `if [ -e /run/systemd/system ]`, ile inayoiambia itoke bila kufanya kazi. Rudia jaribio. Kisha andika `Status 7` kwenye rilei. Ikiwa `Local` inaonyesha mwaka 1970, rilei haijaijua Pi: angalia anwani na mstari wa `allow`.

Kwa mama yule jaribio la kwanza lilishindwa hapo kwenye `hwclock-set`, la pili likapita. Nilifanya la tatu 17:45, kabla ya muda wa Timer3, nikarudisha umeme baada ya muda huo kupita. Taa zilikaa zimezimwa kama dakika moja na nusu Pi ikiwa inaamka, kisha ziliwaka zenyewe. Mama aliangalia simu yake, akaangalia taa, akasema, "Sasa ndiyo."

Kuna jambo moja mpango huu haulitatui. Pi ikifa kabisa, kwa mfano kadi ya kumbukumbu ikiharibika, rilei zitaendelea vizuri hadi umeme ukatike mara ya kwanza, kisha zitangoja muda ambao hautakuja, taa zikiwa zimezimwa. Kwa hiyo niliweka `NtpServer2 pool.ntp.org` ili bando likiwapo zijiokoe, na kadi ya pili yenye nakala kamili imefungwa kwa mkanda ndani ya kisanduku cha Pi. Betri ya CR2032 nayo imeandikwa tarehe kwa kalamu.